Sahani ya Siku Mbili za Mwisho

Binti wa kaka yangu anajiandaa kwa marathoni yake ya kwanza, ile ya Amani inayokimbiwa Kigali tangu 2005, na juzi aliniletea swali ambalo nimelisikia Uvira tangu ujana wangu: "Baba mdogo, siku za mwisho nile nini?" Wenzake wa mazoezi walikuwa wameshampa majibu yao. Mmoja alimwambia ashindilie bugali usiku wa kuamkia mbio. Mwingine alimwambia asiguse wanga kwa siku tatu, kisha aule bila kipimo. Wa tatu alimwambia asihangaike na chakula, atafute paketi za glukosi tu na kuzinywa asubuhi.

Yote hayo nimeyaona yakijaribiwa. Kwa miaka mingi, kando ya kazi yangu ya uuguzi, nilikimbia na kikundi cha vijana wa mwambao huu wa kaskazini wa Tanganyika, na kila tulipopata safari ya mashindano, mimi ndiye niliyekabidhiwa pesa ya chakula na sufuria. Nimeona watu waliofanya mazoezi miezi mitano wakiangushwa na matumbo yao kwa sababu ya kilichotokea ndani ya siku mbili. Ndiyo maana sikumjibu kwa sentensi moja.

Mazoezi yetu yalikuwa barabara ya bondeni. Tulitoka Kavimvira kabla jua halijapanda, milima ya Mitumba mkono wa kushoto, bonde la Ruzizi mkono wa kulia, tukielekea Kiliba na mashamba yake ya miwa. Tukirudi tulikula kama familia zetu zilivyokula: bugali ya muhogo, sombe iliyopikwa na mawese, maharage, ndagala, na chai yenye sukari nyingi. Hicho ni chakula kizuri cha mkimbiaji, na sitaki mtu adhani kwamba nakidharau. Watafiti waliopima sahani za wakimbiaji wa Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004 walikuta kwamba zaidi ya robo tatu za nguvu walizozipata zilitoka kwenye wanga na sukari, na vilivyoongoza vilikuwa ugali na sukari ya chai. Mezani petu hapakuwa mbali na pao. Kwa hiyo kijana wa Uvira anayejiandaa kwa marathoni hana haja ya chakula cha dukani. Anachohitaji ni kujua kwamba sahani inayomjenga kwa miezi mitano haifai kubaki vilevile katika siku mbili za mwisho.

Hilo nililiona kwanza kwa mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye pumzi kuliko sisi sote. Tulipofika Kigali alipokewa na ndugu zake, na ndugu wa Kikongo akikupokea lazima meza ijae. Saa tatu usiku wa kuamkia mbio alikaa mbele ya bugali, maharage, sombe na nyama ya kukaanga. Alikula akashiba, akaongezewa, akala tena, kwa imani kwamba kila tonge litakuwa nguvu ya kesho. Asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama alivyolala nalo. Hakuweza kumeza hata kipande cha mkate. Kabla ya kilomita ya kumi alikuwa ameshaacha barabara mara mbili kutafuta choo, kisha akaendelea akiwa ameinama, mkono ubavuni. Kufika kilomita ya thelathini alikuwa akitembea.

Wengi walisema amekula kupita kiasi. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba, pamoja na wingi ule wa chakula, misuli yake haikuwa imejaa.

Wanga tunaoula huvunjwa utumboni ukawa glukosi, na glukosi isiyotumika huwekwa akiba kwa jina la glikojeni. Akiba kubwa iko kwenye misuli. Kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 300 hadi 500, na ini hushika nyingine kama gramu 80 hadi 100. Mkimbiaji wa kilo 60 hutumia karibu kalori 2,500 kumaliza kilomita 42. Gramu 400 za glikojeni zinampa 1,600 hivi. Kilichobaki kinatoka kwenye mafuta ya mwili, nayo yanaungua taratibu na hayawezi peke yao kumbeba kwa kasi aliyoizoea. Ndiyo sababu wengi huishiwa miguu baada ya kilomita ya thelathini, ingawa mapafu bado yana nguvu. Lengo la kujaza wanga ni kusimama kwenye mstari ukiwa na akiba kubwa kuliko ya kila siku.

Akiba hiyo haijengwi usiku mmoja kwa sahani moja. Misuli iliyopumzika inahitaji siku nzima, na zaidi, ya kulishwa wanga mfululizo ili ijae. Chakula cha saa tatu usiku, tena chenye mafuta na nyuzinyuzi, asubuhi kinakuwa bado kiko njiani ndani ya utumbo. Mafuta ya mawese na ya nyama yanachelewesha tumbo kumwaga kilichomo. Maharage yana sukari ambazo utumbo wetu mwembamba hauwezi kuzivunja, hivyo zinashuka hadi utumbo mpana ambako bakteria wanazichachusha na kutoa gesi. Sombe ina nyuzinyuzi nyingi, nazo zinavuta maji na kuongeza kinyesi. Siku ya kawaida haya yote ni neema. Lakini unapokimbia kwa bidii, mwili unahamisha damu kutoka matumboni kwenda miguuni na kwenye ngozi ili kupoza joto. Utumbo unaobaki na damu kidogo, huku umejaa na ukitikiswa kila hatua, lazima ulalamike.

Tangu siku ile ya mwalimu, nilipowapikia wenzangu nilianza kwa kuondoa. Maharage yaliondoka siku mbili kabla, sombe na lengalenga pia, mawese yakapungua hadi kijiko kwa chungu kizima. Nafasi iliyoachwa ndiyo iliyochukua wanga. Hilo ndilo jambo ninalotaka binti wa kaka yangu alishike kuliko mengine yote. Mtu akiongeza wanga juu ya sahani yake ileile, atajaza tumbo. Akiuweka mahali pa maharage, majani na mafuta, atajaza misuli, na wingi wa chakula mezani hautakuwa umezidi sana ule aliouzoea.

Habari ya kujinyima kwanza ilitufikia kupitia kijana aliyekuwa amesoma Bujumbura na kurudi na maandishi ya zamani kuhusu mbio. Njia hiyo ina asili ya kweli. Mwaka 1966 na 1967 watafiti wa Uswidi, Bergström na Hultman, walichoma misuli kwa sindano maalumu, wakatoa vipande vidogo na kupima glikojeni iliyomo. Walikuta kwamba msuli uliochoshwa hadi akiba yake ikaisha, ukilishwa wanga mwingi baadaye, unaweka akiba kubwa kuliko ya mwanzo. Wakimbiaji wakaifanya kanuni: fanya zoezi la kumaliza nguvu wiki moja kabla, kula nyama, mayai na mafuta kwa siku tatu, kisha wanga kwa siku tatu. Mwingereza Ron Hill aliifuata, na mwaka 1969 akashinda marathoni ya ubingwa wa Ulaya huko Athens. Basi ulimwengu mzima wa mbio ukaamini.

Kijana wetu aliifuata neno kwa neno. Alikula mikebuka ya kukaanga na mayai, akakataa bugali, mchele, ndizi na hata sukari ya chai. Siku ya pili alikuwa mkali kwa kila mtu. Siku ya tatu alikimbia kilomita chache nasi, akaketi kando ya barabara, kichwa kinamzunguka. Choo kilikuwa kimekuwa kigumu. Alipofika siku ya kuanza wanga, alikuwa na njaa ya siku zote tatu, akarukia chakula kwa pupa: mikate, mandazi ya mafuta, soda, ndizi mbivu. Tumbo lililokuwa limekaza likafunguka ghafla, akaharisha siku mbili. Alianza mbio akiwa amepoteza kilo, ilhali mtu aliyejaza vizuri huwa ameongeza.

Kilichonisikitisha ni kwamba mateso yale hayakuwa na lazima. Mwaka 1981 Sherman na Costill wa Marekani, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba mkimbiaji aliyezoea mazoezi anapata akiba karibu ileile kwa kupunguza mazoezi na kuongeza wanga tu, bila siku za kujinyima. Na mwaka 2002 watafiti wa Australia Magharibi walipima watu waliofanya mazoezi, wakakuta kwamba siku moja ya kupumzika na kula wanga mwingi ilitosha kujaza misuli ya mapaja. Leo ushauri wa kawaida ni gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito, kila siku, kwa saa 36 hadi 48 kabla ya mbio. Siku mbili, basi. Nyama na mayai vibaki, kidogo kidogo, bila kugeuzwa adhabu.

Kwa kuwa binti wa kaka yangu ana kilo 60, nilimfanyia hesabu mbele yake. Kilo 60 mara 10 ni gramu 600 za wanga kwa siku. Kwa kusikia tu ni nyingi, naye alicheka. Tulipoziweka kwenye vyakula vya sokoni Kimanga zikaonekana. Mkate mweupe una wanga karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo gramu 200 asubuhi zinampa 100. Chai ya siku nzima ikiwa na vijiko vidogo vinane vya sukari inaongeza 40. Mchele mkavu ni wanga kwa sehemu nne za tano, hivyo gramu 150 zilizopikwa mchana zinatoa 120, na nyingine kama hizo jioni mapema zinatoa 120. Ndizi mbivu nne, kila moja kama 25, ni 100. Chupa mbili ndogo za soda zilizoachwa wazi mpaka gesi ikaisha ni 60. Viazi mviringo vilivyomenywa na kuchemshwa, gramu 300, ni 60 za mwisho. Jumla 600.

Alitazama karatasi akaniuliza bugali imekwenda wapi. Sikuifuta kwa chuki. Bugali ya muhogo ni wanga mtupu karibu wote, na mtu akisongewa vizuri, unga wake ukatoka kwenye muhogo uliolowekwa na kukaushwa sawasawa, inamfaa. Shida yake ni kwamba tonge moja zito linashibisha upesi kabla gramu hazijatimia, na kwetu bugali haitembei peke yake. Ikifika mezani inaita sombe na maharage. Mchele wa bonde la Ruzizi, ule wa Sange na Luberizi, unalika kwa supu nyepesi ya samaki na chumvi, na hauachi mabaki mengi utumboni. Anayetaka bugali aile mchana wa siku ya kwanza, na samaki wa kuchemsha.

Nilimwonya pia kuhusu mzani. Kila gramu ya glikojeni hukaa mwilini pamoja na maji kama gramu tatu. Mtu aliyejaza vizuri anaweza kuongeza kilo moja hadi mbili ndani ya siku mbili, akahisi miguu mizito na suruali imebana. Dada mmoja wa kikundi chetu alipoona mzani wa duka la dawa umepanda, aliogopa, akaacha kula mchana na jioni ya siku ya mwisho. Alikuwa anatupa akiba aliyokwisha kuiweka. Uzito ule ni mafuta ya gari yaliyomo tangini, na maji yake yanatumika njiani.

Habari ya safari inastahili nafasi yake, kwa sababu mkimbiaji wa Uvira hajazi wanga akiwa kitandani kwake. Anajaza ndani ya basi. Kutoka Uvira hadi Kamanyola ni kama kilomita 80 za bonde, kisha unavuka kwenda Bugarama, unapanda Kamembe, unapita msitu wa Nyungwe wenye kona zisizokwisha, na jioni ndipo Kigali. Tumbo lililojazwa likizungushwa Nyungwe linatapika hata kama chakula hakina kosa. Kwa hiyo siku ya safari isiwe siku ya kwanza ya kujaza. Anayeweza afike siku tatu kabla ya mbio, asafiri na chakula chepesi, aanze kujaza akiwa ametulia.

Kati ya yote niliyoyaona, tukio lililonifundisha zaidi lilitokea kwenye safari hiyo. Wenzetu wawili, kwa nia njema kabisa, hawakutaka kula chakula cha njiani wasichokijua. Wakapika mchele usiku, wakaujaza ungali moto kwenye ndoo ndogo ya plastiki, wakaifunga vizuri na kuifunika kwa kitenge. Asubuhi wakapanda nayo basi. Bonde la Ruzizi lina joto, na ndoo ilikaa miguuni mwao. Saa saba mchana walikula. Mchele ulikuwa bado una uvuguvugu, haukunuka, haukuteleza, ladha yake ilikuwa ya mchele. Saa kumi wote wawili walikuwa wakitapika kwenye mifuko, na aliyekuwa amebeba mkate wake mkavu na ndizi, kiti cha nyuma, hakuwa na lolote.

Katika kazi yangu nilikuwa nimeona jambo hilo baada ya sherehe. Mchele mbichi huja na mbegu za bakteria ambazo kuchemka hakuziui. Mchele uliopikwa ukiachwa na joto la vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiharibiki hata ukiuchemsha mchele upya. Kutapika huanza kati ya saa moja na sita baada ya kula, na mara nyingi hupita ndani ya siku moja, lakini siku moja kati ya mbili za kujaza ni nusu ya akiba. Mwenye kusafiri abebe vitu vikavu au vyenye ganda: mkate, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha na ganda lake vya asubuhi ileile, asali, sukari. Mchele aubebe mkavu, aupike afikapo, aule moto. Nilipoanza kubeba jiko dogo na sufuria, wengine waliona ni mzigo wa bure, ila hatukutapika tena Nyungwe.

Na vitu vipya vya ugenini vingoje. Rwanda wana maziwa mgando mazuri, wana maji ya matunda ya kila aina, wana mishikaki kila kituo. Watu wazima wengi wa kwetu hawayeyushi vizuri sukari ya maziwa, na maji ya matunda yakinywewa kwa wingi yanaacha sukari ambayo utumbo haumudu kuinyonya yote, ikavuta maji na kuharisha. Vionje baada ya mstari wa mwisho.

Chakula kikubwa cha mwisho kiwe mchana wa kuamkia mbio. Jioni, saa kumi na mbili au saa moja, sahani ya wastani ya mchele mweupe na chumvi na samaki kidogo, kisha kulala. Asubuhi, saa tatu kabla ya kuanza, kwa kilo 60 ninapendekeza gramu 120 hivi: mkate mweupe kama gramu 120 wenye asali au bila kitu, ndizi mbivu mbili, na chai ya vijiko viwili vya sukari. Ini limefunga usiku kucha na akiba yake imepungua, na kifungua kinywa hicho ndicho kinachoirudisha. Kumwamsha mtu saa tisa usiku ili ale si kazi ya kupendeza, na nimetukanwa kwa ajili yake. Nilikubali.

Glukosi ya paketi ndiyo iliyomwondoa dada mwingine kwenye mbio ambazo alikuwa anaongoza wenzake wa kundi. Alimimina paketi ya gramu 100 kwenye chupa ya nusu lita, akaitikisa na kuinywa taratibu kuanzia kilomita ya kumi. Hicho ni kinywaji chenye sukari asilimia 20. Kinywaji kizito hivyo hakitoki tumboni haraka, na kikifika utumboni kinavuta maji ya mwili yaingie ndani ili kukizimua. Unamwona mtu anakunywa na bado anakauka, tumbo linanguruma, kisha anaharisha. Kipimo kinachopita vizuri ni gramu 60 hadi 80 kwa lita moja. Paketi ileile angeigawa kwenye chupa tatu za nusu lita, ingemhudumia na isingemuumiza. Wakati wa mbio mwili unaweza kupokea gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na utumbo unajifunza kupokea kama miguu inavyojifunza kukimbia. Kwa hiyo chupa hiyo ijaribiwe Jumamosi kadhaa kwenye barabara ya Kiliba. Vivyo hivyo kujaza kwenyewe: siku mbili kabla ya mbio ndefu ya mazoezi, ale ile karatasi ya gramu 600 yote, apande mzani asubuhi, akimbie, aandike tumbo limesema nini na kwa kilomita ya ngapi. Ndizi zikimpa gesi, azibadilishe na mkate. Soda ikimchoma, aache.

Limebaki la maji, na kwetu Uvira huwezi kulipita. Mji huu unaishi na kipindupindu. Bomba likikauka, watu wanachota ziwani, na wakati wa mvua mito inayoshuka kutoka milimani inabeba kila kitu hadi hukohuko. Mtu anayejaza wanga anakunywa maji mengi kuliko kawaida, kwa hiyo anajiweka karibu zaidi na hatari hiyo. Maji yake ya siku hizo yawe ya kuchemshwa au yaliyotiwa klorini, na ya kupikia uji na kuoshea ndizi vilevile. Na ajue kutofautisha. Tumbo lililokasirishwa na chakula huwa na gesi, mkazo, choo laini mara mbili tatu, kisha linatulia ukiacha kile kilicholikasirisha. Kuharisha maji matupu mfululizo, kama maji yaliyooshea mchele, mara nyingi pamoja na kutapika na bila hata maumivu makubwa, macho yakianza kuzama na misuli ya miguu kukaza, hiyo si habari ya chakula cha mbio. Ni kipindupindu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mtu anapelekwa kituo cha matibabu saa hiyohiyo huku akinyweshwa maji ya chumvi na sukari njiani: paketi ya dawa kwa lita moja, au vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji safi.

Mwenzetu mmoja alianza hivyo asubuhi ya siku tuliyopaswa kusafiri. Alinisihi tumbebe hivyohivyo, kwamba atapona njiani, kwamba ameshalipa. Nilimwacha kwenye kituo na dripu mkononi, nikamkabidhi kwa mama yake. Aliruhusiwa baada ya siku chache na akataka kujua kama angali na muda wa kujaza wanga kwa mbio nyingine ya Jumapili iliyofuata, huko Bujumbura. Nilimwambia hapana. Aliyeharisha hivyo amepoteza maji, chumvi na akiba kwa pamoja, na ngozi ya ndani ya utumbo wake bado haijawa tayari kupokea gramu 600 kwa siku. Akaanza upya na uji mwepesi, kisha mchele, kisha bugali, na mbio fupi za kutoka nyumbani hadi Kalundu.